Namba hasi zinapoangukia mwisho: utatuzi wa upangaji wa radiksi kwa namba za desimali

Mwongozo huu umetokana na faili moja la vipimo vya kina cha maji katika ghuba ya Tanga. Kifaa kilichofungwa kwenye nguzo upande wa Raskazone huandika kimo cha maji kila dakika, na kimo hicho huhesabiwa kutoka usawa wa wastani: maji yakijaa namba huwa chanya, yakipwa huwa hasi, na wakati wa bamvua tofauti kati ya ncha hizo mbili hupita mita tatu. Kwa mwaka mmoja hizo ni namba 525,600, na kijana aliyeniletea faili alitaka zipangwe kutoka ndogo hadi kubwa ili aweze kusoma ni dakika ngapi maji yalishuka chini ya kiwango fulani. Alikuwa ameandika programu yake kwa lugha ya C, akachagua upangaji wa radiksi, na matokeo yakamshangaza.

«Shikamoo, mwalimu. Programu inakimbia vizuri, lakini maji yakipwa inayaweka juu ya maji ya bamvua.»

«Marahaba. Usiniletee nusu milioni, niletee sita.»

Sita alizoniletea zilikuwa hizi, kwa mfuatano wa kupimwa: 0.75, -1.25, 1.5, -0.5, 0.25, -1.5. Nitazitumia namba hizo hizo mpaka mwisho, kwa sababu kila kosa linalozungumziwa hapa huacha alama yake katika mpangilio wa sita hizi, na mtu akiusoma vizuri mpangilio huo hahitaji kubahatisha chanzo.

## Kwanza, kinachosomwa ni nini

Upangaji wa radiksi haulinganishi namba mbili mbili. Huichukua namba kama mfuatano wa tarakimu, ukaigawa kwenye vikapu kwa tarakimu ya mwisho, ukazikusanya, ukazigawa tena kwa tarakimu inayofuata, hadi tarakimu ya kwanza. Kwa namba ya biti 32 tunachukua baiti moja kuwa tarakimu moja, kwa hiyo vikapu ni 256 na mizunguko ni minne, iwe namba ni sita au nusu milioni. Tatizo ni kwamba namba ya desimali haina tarakimu za namna hiyo mpaka tuuendee mfumo wa biti ambao kompyuta imeutumia kuihifadhi.

Mfumo huo ni ule wa kiwango cha IEEE 754. Biti ya juu kabisa ni ya ishara, 0 kwa chanya na 1 kwa hasi. Biti nane zinazofuata hushika kipeo cha 2, kikiwa kimeongezewa 127 ili kisiandikwe kamwe kwa alama ya kutoa. Na biti 23 zilizobaki hushika mantisa, yaani sehemu ya baada ya nukta. Namba 0.75 ni 1.5 mara 2 kwa kipeo cha -1, kwa hiyo kipeo kinachohifadhiwa ni 126. Namba 1.5 ina mantisa hiyo hiyo, ila kipeo chake ni sifuri, na kinachohifadhiwa ni 127. Kwa kuwa kipeo kimekaa juu ya mantisa, na hakina alama ya kutoa, namba chanya kubwa zaidi huwa na mfumo wa biti ulio mkubwa zaidi hata ukisomwa kama namba nzima ya kawaida. Huo ndio mlango tunaoingilia.

Namba zetu sita, zikiandikwa kwa heksadesimali, zimehifadhiwa hivi:

```
 0.75   3F400000
-1.25   BFA00000
 1.5    3FC00000
-0.5    BF000000
 0.25   3E800000
-1.5    BFC00000
```

Kabla ya kugusa programu, chapisha jedwali kama hili kwa data yako mwenyewe. Nimeona watu wakitafuta kosa saa mbili ndani ya vikapu ilhali lilikuwa limekwisha kuingia mlangoni.

## Dalili: namba zenye desimali tofauti zinachukuliwa kuwa sawa

Iwapo 0.75 na 0.25 zinabaki katika mfuatano wa kuingia kwao badala ya kupangwa, na namba nzima tu ndizo zinazoonekana kutenganishwa, basi programu imebadilisha thamani badala ya kusoma biti. Andiko `(uint32_t)x` katika C hukata sehemu ya desimali: 0.75 huwa 0, 0.25 huwa 0, na 1.5 huwa 1. Kwa -1.25 hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa lugha yenyewe haitoi ahadi yoyote juu ya kinachotokea namba kama hiyo inapolazimishwa iingie katika aina isiyokubali hasi. Mashine mbili zaweza kutoa majibu mawili.

Tunachotaka ni biti zilezile, bila kuguswa, zikiitwa kwa jina jingine. Njia salama ni kuzinakili:

```c
uint32_t b;
memcpy(&b, &x, 4);
```

Wako wanaopitia kielekezi kwa kuandika `*(uint32_t *)&x`, na mara nyingi hufanikiwa, lakini hilo linavunja kanuni ya C juu ya aina, na kikusanyi kinachoboresha msimbo kwa nguvu kina haki ya kulipuuza. Mstari wa `memcpy` haupunguzi kasi, kwani kikusanyi cha kisasa huugeuza kuwa agizo moja tu.

## Dalili: hasi zote ziko mwisho, na zimegeuka

Hii ndiyo dalili aliyokuja nayo kijana. Alikuwa ameichapa kwenye karatasi na kuiwekea kipande cha tumbawe juu yake kwa ajili ya upepo wa kusi, na ilisomeka hivi:

```
0.25  0.75  1.5  -0.5  -1.25  -1.5
```

Kuna makosa mawili ndani ya mstari huu, na ni muhimu kuyatenganisha, kwa sababu wengi huponya la kwanza wakadhani wamemaliza. Kosa la kwanza ni la mahali: hasi zimekaa baada ya chanya. Chanzo chake ni biti ya ishara, ambayo kwa hasi ni 1 nayo iko juu kabisa, kwa hiyo mfumo wowote unaoanza na B ni mkubwa kuliko mfumo wowote unaoanza na 3. Kosa la pili ni la mwelekeo: miongoni mwa hasi zenyewe, -0.5 imetangulia na -1.5 imefuata. Chanzo chake ni kwamba namba za desimali huhifadhiwa kwa ishara na ukubwa. Mfumo wa -1.5 ni ule ule wa 1.5, ila biti moja tu ya juu imebadilika. Kadiri namba hasi inavyozidi kwenda mbali na sifuri, ndivyo biti zake 31 za chini zinavyozidi kukua, wakati thamani yake inazidi kupungua. Mfumo unapanda, maji yanashuka.

Dawa inapaswa kuyashughulikia yote mawili. Kwa namba chanya tunageuza biti ya ishara peke yake, ili iwe 1 na ipande juu ya hasi. Kwa namba hasi tunageuza biti zote 32: biti ya ishara inakuwa 0, hivyo hasi inashuka chini, na biti 31 zilizobaki, kwa kugeuzwa, zinapindua mwelekeo wao, kubwa ikawa ndogo na ndogo ikawa kubwa.

```c
uint32_t ufunguo(uint32_t b) {
    uint32_t m = -(b >> 31) | 0x80000000u;
    return b ^ m;
}
```

Mstari wa kati unastahili kusomwa polepole. `b >> 31` hutoa 1 kwa hasi na 0 kwa chanya. Kikiwekewa alama ya kutoa katika aina isiyo na hasi, 1 hugeuka kuwa biti 32 zote zikiwa 1, na 0 hubaki 0. Kisha tunalazimisha biti ya juu iwe 1 kwa vyovyote. Barakoa inayopatikana ni `FFFFFFFF` kwa hasi na `80000000` kwa chanya, nayo alama ya `^` hugeuza kila biti ambayo mahali pake katika barakoa pana 1. Hakuna sharti la `if`, jambo linalosaidia pale ishara zinapobadilika ovyo katika data.

Funguo za namba zetu, yaani mifumo ya biti iliyokwisha geuzwa hivyo, zikipangwa kama namba nzima za kawaida, ni hizi:

```
403FFFFF   -1.5
405FFFFF   -1.25
40FFFFFF   -0.5
BE800000    0.25
BF400000    0.75
BFC00000    1.5
```

Iko dawa nyingine, ambayo siikatai: ziache biti kama zilivyo, panga, kisha ukate mkia wa hasi, uugeuze nyuma mbele na kuuweka mwanzoni. Kwa namba tupu inatoa jibu sahihi. Lakini kila kipimo cha ghuba kinabeba saa yake, na maji yanapofika kimo kilekile mara kadhaa kwa siku, namba zilizo sawa hutakiwa kubaki katika mfuatano wa saa. Kugeuza mkia kunageuza na mfuatano huo kwa upande wa hasi peke yake, ukabaki na faili ambalo vipimo vya maji kujaa vimefuatana kwa saa na vya maji kupwa vimerudi nyuma. Kwa sababu hiyo mimi hutumia ufunguo.

## Dalili: hasi zimekuja mbele, lakini bado zimegeuka

Mstari unaosomeka hivi ni wa mtu aliyeponya kosa moja kati ya mawili:

```
-0.5  -1.25  -1.5  0.25  0.75  1.5
```

Kwa kawaida ameazima dawa ya namba nzima. Kwa namba nzima zenye hasi, kugeuza biti ya ishara pekee kunatosha, kwa kuwa kompyuta huzihifadhi kwa namna nyingine: -1 ni `FFFFFFFF` na -2 ni `FFFFFFFE`, kwa hiyo hasi zenyewe zimekwisha kuwa katika mwelekeo sahihi na kilichopotoka ni mahali tu. Namba za desimali hazina bahati hiyo. Matokeo hayo hayo humpata mtu anayesoma biti za desimali kama `int32_t` akatarajia ishara ijishughulikie yenyewe. Ishara inajishughulikia kweli, mwelekeo haujishughulikii.

Sasa tazama mstari huu wa pili, ambao kwa jicho la haraka unafanana na wa kwanza:

```
-0.5  -1.25  -1.5  0.25  1.5  0.75
```

Hasi zimegeuka vilevile, na mtu atarudi kwenye ufunguo wake, ataukagua, ataukuta sahihi, na ataanza kuubadilisha ingawa hauna kosa. Kijana wetu alifika hapa baada ya kutia dawa, na nusu ya mchana ilimwishia hapo. Kinachotofautisha mistari hii miwili ni upande wa chanya: katika mstari wa pili 1.5 imetangulia 0.75. Ufunguo uliokosewa kwa hasi hauwezi kuharibu chanya. Kwa hiyo kosa haliko kwenye ufunguo, liko kwenye vikapu.

Chanzo ni mzunguko usiohifadhi mfuatano. Upangaji wa radiksi unaoanza na baiti ya chini hutegemea kwamba namba mbili zinazoanguka katika kikapu kimoja zitabaki katika mfuatano ulioachwa na mzunguko uliotangulia. Hesabu vikapu vyetu katika mzunguko wa nne: hasi zote tatu zina baiti ya juu `40`, 0.25 ina `BE`, nazo 0.75 na 1.5 zina `BF`. Mzunguko wa tatu ulikwisha kuzipanga sawasawa ndani ya makundi hayo. Programu ya kijana ilikuwa imejumlisha idadi ili kupata mwisho wa kila kikapu, ikajaza kutoka mwisho kurudi nyuma, lakini ikazisoma namba kutoka ya kwanza kwenda mbele. Kwa namna hiyo wa kwanza kufika hukaa wa mwisho, na kila kikapu hugeuka. Ukijaza kutoka mwisho, soma pia kutoka mwisho:

```c
for (int i = n - 1; i >= 0; i--) {
    int v = (k[i] >> s) & 255;
    tokeo[--mwisho[v]] = k[i];
}
```

Hapa `s` ni 0, 8, 16, kisha 24. Tumia `>>` kuipata baiti, usiipekue kumbukumbu baiti moja moja, kwa maana mashine nyingi tunazotumia huhifadhi baiti ya chini kwanza, na aliyedhani kinyume atapanga kwa mantisa akaacha kipeo.

Kipimo cha kutenganisha vyanzo hivi ni rahisi: ondoa hasi zote kwenye data, panga chanya tupu. Zikitoka sawa, kagua ufunguo. Zikitoka vibaya, usiuguse ufunguo kabla ya kurekebisha vikapu.

## Dalili: thamani zenyewe zimebadilika

Ikiwa mwisho wa kazi faili linaonyesha namba ambazo hazikuwemo, funguo zimesomwa kama namba za desimali bila kurudishwa. Kwa sita zetu, zikichapishwa kwa `%f`, hutoka hivi:

```
3.000000 3.500000 8.000000 -0.250000 -0.750000 -1.500000
```

Alama ya kulitambua kosa hili ni kwamba chanya zote zimegeuka hasi zikiwa na ukubwa wake uleule, na hasi zimekuwa namba ngeni. Hiyo 3.000000 si tatu kamili, ni 2.9999998 iliyokaribishwa na uchapishaji.

Wengine hukumbuka kurudisha, ila huita kitendo kile kile mara ya pili, wakiamini kwamba kugeuza mara mbili ni kurudi ulikotoka. Kwa barakoa moja isiyobadilika ingekuwa kweli. Hapa barakoa huchaguliwa kwa biti ya juu, na biti hiyo imekwisha geuzwa, kwa hiyo iliyokuwa chanya inapewa barakoa ya hasi. Sita zetu zingetoka takriban -3, -3.5, -8, 16, 6 na 3. Ukiona 16 katika data ambayo haivuki mita mbili, hiyo ndiyo sababu. Kurudisha kunahitaji sharti lililopinduliwa:

```c
uint32_t rudisha(uint32_t k) {
    uint32_t m = ((k >> 31) - 1) | 0x80000000u;
    return k ^ m;
}
```

Kagua kwa kujumlisha mifumo yote ya biti katika `uint64_t` kabla ya kupanga na baada ya kurudisha. Jumla hizo zikitofautiana, namba imepotea au imeharibika. Ukaguzi wa mfuatano peke yake, ukifanywa juu ya funguo, utasema mambo ni mazuri wakati faili limeharibika.

## Dalili: kuna NaN mwanzoni, mwisho, au pande zote mbili

Kifaa kinaposhindwa kupima, programu nyingi huandika `NaN`, yaani «si namba». Huyo ana mfumo wa biti kama wengine, na ufunguo utampa nafasi bila kuuliza. Akiwa na ishara ya chanya, kwa kawaida `7FC00000`, atakaa mwisho, hata baada ya `inf`, yaani namba isiyo na kikomo. Lakini kwenye vichakataji vya familia ya x86, kugawanya sifuri kwa sifuri wakati programu inakimbia hutoa `FFC00000`, mwenye ishara ya hasi, na huyo hukaa mwanzoni, kabla ya `-inf`. Faili lililochanganya vipimo vilivyosomwa na vilivyohesabiwa linaweza kuwa nao pande zote mbili, na hapo anayesoma kimo cha chini kabisa cha mwaka atakuta `nan`.

Mashaka zaidi ni kwamba ukaguzi wa kawaida wa `a[i] < a[i-1]` haumwoni, maana kila ulinganisho na `NaN` hujibiwa si kweli. Mtenge kabla ya kupanga, kwa `x != x`, ambayo ni kweli kwake peke yake, na uhesabu ni wangapi. Kwa vipimo vya bahari idadi hiyo nayo ni habari.

Sifuri hasi haina madhara ya kiasi hicho. `80000000` hupata ufunguo `7FFFFFFF` na `00000000` hupata `80000000`, kwa hiyo -0 hutangulia 0 bila kitu chochote kati yao. Ila C huzihesabu kuwa sawa, na ufunguo huzitenga, basi vipimo vya saa tofauti vilivyoangukia sifuri mbili havitafuatana kwa saa. Kama hilo linakuhusu, jumlisha `0.0f` kwa kila namba kabla ya kuchukua biti zake, nayo -0 itakuwa 0, mradi hukukiruhusu kikusanyi kulegeza kanuni za hesabu kwa `-ffast-math`, ambacho pia kitaliona `x != x` kuwa jambo lisilowezekana na kulifuta.

Faili la kijana lilikuwa na `NaN` 41. Baada ya kuwatenga na kusahihisha mwelekeo wa kusoma vikapu, jumla za biti zililingana, na kimo cha kwanza kwenye orodha kikawa cha maji ya kupwa ya bamvua, saa yake ikiwa pembeni.